Saa ya Kukamuliwa

Kwa miaka sita nimesimama kwenye mlango wa nyuma wa hoteli moja hapa Mbeya, si mbali na Mwanjelwa, na kazi yangu ni kuwakatalia watu. Ndivyo ninavyojibu mtu akiniuliza. Kwenye barua ya ajira wameniandika mpokea bidhaa, lakini kupokea kila mtu anaweza. Hoteli inanilipa ili nimwambie baba mzima, mbele ya watu, kwamba alichokibeba tangu alfajiri akirudishe alikokitoa.

Kazi hii nilijifunzia Iringa kabla sijaolewa, kwa mama mmoja aliyekuwa na stoo safi kuliko nyumba za watu wengi. Alinifundisha kutoamini macho. Nyanya za Ilula unamimina kreti nzima, maana nzuri zimepangwa juu. Gunia la viazi unalipima, kisha unatoa uzito wa gunia lenyewe na wa udongo ulioganda kwenye viazi. Samaki wa Kyela unamfunua matamvua uone kama ni mekundu, halafu unambonyeza ubavuni uone kama nyama inarudi. Kuku aliyechinjwa unamchoma kipimajoto ndani kabisa ya paja. Usimguse ngozi ukaridhika, kwa sababu asubuhi za Juni huku kwetu hata jiwe ni la baridi. Ukishapima ndipo unasaini. Sahihi ikishakaa pale, kilichooza ni cha kwako.

Niliyashika yote hayo na nikawa mkali. Mpishi mkuu, mwenyeji wa Tanga asiyezoea baridi yetu, hunitania kwamba hoteli ilimtafuta mlinzi wa mlango ikapata Mhehe, na Mhehe hasira ni za kuzaliwa nazo. Kwetu ni Kalenga, kwa hiyo sibishi. Wauzaji walinizoea. Walifoka na kuapa kwa mama zao, wakaitisha kipimo kirudiwe, nami nikarudia wakiwa wamesimama hapohapo wakiangalia. Tulitukanana kidogo, na kesho yake waliniletea mzigo mzuri wakinisalimia vizuri. Nilidhani haki iko kwenye kipimajoto na mzani. Sikujua kwamba sehemu kubwa ya haki yangu ilikuwa inafanywa na yale makelele yao.

Niliolewa na Mnyakyusa. Watu wa familia yake wanaishi juu ya Uyole, kwenye mashamba yaliyo kando ya barabara ya Tukuyu, na ni watu wanaoshika mila. Kwao mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawakai chumba kimoja, hawazungumzi, hawapeani mkono. Wakikutana njiani mwanamke anaacha njia, anageuza uso, mzee anapita. Familia nyingi siku hizi zimelegeza, utaona mkwe na mke wa mwanawe wamekaa sofa moja wanatazama taarifa ya habari. Kwa mume wangu hawajalegeza. Kwetu Kalenga mkwe unamwamkia na kumpelekea maji ya kunawa, kwa hiyo mwanzoni niliona ni kunyanyaswa. Mama mkwe wangu akanikalisha jikoni kwake akanieleza taratibu.

"Si kwamba anakuchukia, mwanangu," alisema. "Anakuheshimu. Wewe ndiye unayemzalia wajukuu. Hataki hata kivuli chake kikukanyage."

Kwa hiyo katika miaka yote ya ndoa yangu namjua baba mkwe kwa mgongo wake, kwa kikohozi chake, na kwa kofia ya sufu ya rangi ya kahawia ambayo nikiiona kwa mbali nageukia ukutani. Na baadaye nikamjua kwa mwandiko.

Ilikuwa hivi. Hoteli ilitaka maziwa ya ng'ombe ya kuchemshia chai na kugandishia mtindi, na mmoja wa waliokuwa wanaleta alihamia Songwe. Mume wangu akasema baba yake ana ng'ombe wawili wa kisasa wanaokamuliwa vizuri. Nilisita. Meneja aliponihoji nilimwambia ukweli kwamba huyo ni mkwe wangu, naye akasema, "Sawa. Lakini mkwe wako atapimwa kama wengine, na mimi nitakuwa napitia daftari." Nikaapa moyoni kwamba hakuna mtu atakayepimwa kama yeye.

Shida ikawa namna ya kumpima. Utaratibu wetu ni kwamba mwenye mali anakuwepo, anaona namba, anasaini pamoja nami. Mimi na yeye tusingeweza kusimama kwenye benchi moja. Basi tukatengeneza utaratibu wetu bila kupanga, kila mmoja akimkisia mwenzake. Alfajiri alifika na makeni mawili, akayaweka kwenye benchi la saruji chini ya kibaraza, akagonga mfuniko mara mbili, kisha akazunguka nyuma ya ukuta wa banda la mkaa. Nikisikia mfuniko nilitoka na kitambaa kimeshushwa usoni. Nilifungua, nikakoroga mpaka chini, nikanusa, nikachemsha kidogo kwenye kijiko nione kama yanakatika. Nikaweka kipimajoto, nikazamisha laktomita, nikapandisha keni kwenye mzani na kutoa uzito wa keni tupu ulioandikwa kwa rangi ubavuni. Nikaandika, nikaacha daftari wazi, nikaingia ndani na kufunga mlango. Hapo ndipo alipotoka nyuma ya banda, akasoma, akasaini, akaondoka na makeni ya jana yaliyooshwa.

Wapishi walikuwa wanachungulia dirishani kama wanatazama igizo. Walitupa jina, mchana na usiku, kwa kuwa hatukutani. Nilicheka nao. Kusema kweli nilipenda. Daftari lile lilikuwa na safu ya tarehe, ya saa ya kukamuliwa, ya joto, ya laktomita, ya uzito, ya maelezo, na mwishoni sahihi mbili. Saa ya kukamuliwa aliijaza yeye, kabla ya kugonga mfuniko. Zamani alikuwa karani wa chama cha ushirika, na mwandiko wake ni ule wa shule za zamani, umelala upande mmoja, hauna haraka. "Saa 11 jioni." Mimi chini ya maelezo niliandika "Mazuri." Siku moja aliandika "Saa 11:20 jioni, mvua," kama mtu anayeomba radhi kwa dakika ishirini. Niliandika "Mazuri sana." Nilikaa na furaha siku nzima kwa ajili ya maneno yale mawili niliyoyaandika mwenyewe. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na sidhani kama kuna wakwe wengine mjini hapa walioongea vizuri kuliko sisi.

Sasa nieleze maziwa kidogo, maana bila hilo hamtaelewa nilichofanya.

Hoteli inapokea maziwa ya aina mbili. Ya jana jioni lazima yaje baridi, chini ya nyuzi kumi. Ya asubuhi yanaweza kuja na joto la ng'ombe, ila yafike kabla saa mbili hazijapita tangu yakamuliwe. Halafu kuna laktomita, kijiti cha kioo chenye uzito chini, kinachoelea ndani ya maziwa. Kikisimama kwenye ishirini na nane au juu yake, maziwa ni halali. Kikizama chini ya hapo, mtu ameongeza maji. Lakini maziwa ya moto ni mepesi, kijiti kinazama zaidi hata kama hayana tone la maji, na ya baridi yanakinyanyua. Kwa hiyo unaweka sampuli ndani ya kopo la maji mpaka ifike nyuzi ishirini ndipo unasoma. Usipofanya hivyo, unahesabu: kila nyuzi moja juu ya ishirini unaongeza sifuri nukta mbili kwenye ulichosoma, kila nyuzi moja chini unapunguza nukta mbili. Karatasi ya hesabu hiyo nimeibandika mwenyewe juu ya mzani.

Kwa kila muuzaji mwingine wa maziwa niliisubiri sampuli. Inachukua dakika kama kumi, tunapiga soga, tunagombana kuhusu mpira. Kwa baba mkwe sikuisubiri. Dakika kumi amesimama nyuma ya ukuta hatua tano kutoka nilipo, namsikia anavyovuta pumzi, anazuia kikohozi ili nisione haya! Nilitaka nimalize niingie ndani ili mzee atoke kivulini akapate jua. Nilichovya kijiti, nikasoma, nikaandika, nikakimbia. Maziwa yake yalikuwa yanakuja na nyuzi nane au tisa, kwa sababu huko juu alikuwa analaza makeni usiku kucha kwenye birika la saruji linalopitisha maji ya chemchemi, na kipupwe cha kule kinagandisha mpaka majani. Kijiti kilisimama thelathini na moja. Nikaandika thelathini na moja. Kosa lilikuwa linampendelea, na kosa linalompendelea mtu halipigi kelele.

Oktoba joto likapanda. Asubuhi moja kipimajoto kikaonyesha nyuzi kumi na nne. Nilimpokelea siku ile, lakini kwenye maelezo niliandika, na naikumbuka kila herufi: "Yasiyopoa hayapokelewi." Ningeweza kuandika maneno ya adabu zaidi. Nilikuwa najua meneja anapitia daftari.

Alisaini tu. Kesho yake niliona kwenye safu yake ameandika, "Saa 11 alfajiri." Alikuwa ameacha kulaza maziwa. Ameamka gizani, amekamua, amekodi bodaboda badala ya kusubiri gari la kwanza, amefika kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Mzee wa umri ule, makeni mawili, kwenye bodaboda, kwa sababu ya maneno mawili yangu. Alinitii.

Maziwa yalikuwa na nyuzi thelathini na tatu. Nikazamisha laktomita. Ishirini na sita.

Sikuamini. Nilikoroga tena, nikazamisha tena, ishirini na sita. Nyuma ya ukuta alikohoa mara moja. Nilifikiri: kumbe. Miaka yote hii ya heshima, na leo maziwa ya jioni yamekataliwa anaongeza maji ili kufidia. Nilifikiri pia, na hili ndilo linaloniuma, kwamba ameona nimefunikwa uso akadhani na akili zimefunikwa. Karatasi ya hesabu ilikuwa juu ya kichwa changu. Sikuinua macho. Nilichotaka ni kuondoka pale kabla sijalia. Nikaandika joto, nyuzi 33, nikaandika laktomita, 26, na kwenye maelezo nikaandika: "Maji. Yamekataliwa." Nikaingia ndani.

Nilisimama nyuma ya mlango nikisikiliza. Mtu mwingine yeyote angepiga mlango ule mpaka bawaba zing'oke. Angeniita jina la mnyama, angesema yapoze kwanza wewe mwanamke, unapima maziwa yakiwa bado na joto la chuchu? Nami ningeinua macho kwenye ile karatasi, ningeona aibu dakika mbili, ningerekebisha, basi. Nilichosikia ni kalamu kuwekwa juu ya benchi, kisha makeni kuinuliwa. Nilipotoka niliona amesaini.

Sahihi ile niliisoma kama kukiri. Nani anasaini kosa asilolitenda?

Siku ya pili joto lilikuwa thelathini na nne, kijiti ishirini na tano na nusu. Nikaandika maji. Akasaini. Mpishi mkuu alitoka akaonja kwa kijiko.

"Dada, mbona mimi nayaona mazito tu haya?" aliniuliza.

"Wewe pika," nilimjibu.

"Si uite mtu mwingine apime? Huyu mzee wako."

"Ndiyo maana napima mimi. Nikimwachia, kesho mtasema nalea ndugu."

Aliinua mikono, akarudi kwenye masufuria. Hata leo hajanikumbusha maneno yale, na ukimya wake naujua maana yake.

Siku ya tatu ikawa thelathini na tatu na ishirini na sita. Kanuni ya hoteli ni mara tatu ndani ya mwezi mmoja, jina linatoka. Orodha ya wauzaji imebandikwa kwenye mlango wa nyuma, nje, kila mmoja anaisoma akisubiri zamu. Mimi ndiye niliyechukua kalamu nyekundu na rula. Nilipiga mstari juu ya jina la baba wa mume wangu, na pembeni, kama tunavyofanya kwa wote, nikaandika sababu. Neno lenyewe ni fupi: maji.

Kufikia jioni habari ilishafika Uyole. Wanaoleta maziwa mjini wanajuana wote. Kituo cha kukusanya maziwa kule juu kikaanza kumpima mara mbili mbili huku wengine wakisubiri na kuguna, na sijui kama walimkuta na kosa, maana aliacha kwenda baada ya siku chache. Alikuwa mzee wa kanisa. Mtu aliyekuwa anatangaza sadaka mbele ya waumini alianza kukaa benchi la nyuma. Nyumbani mume wangu hakunigombeza, alikuwa anakula na kuinuka. Nilimwambia, "Baba yako ndiye aliyesaini, si mimi." Akasema, "Najua." Nilijiona mwanamke wa haki. Nilijiona nimeweza jambo ambalo wengi wasingeweza, kumkata hata wa kwangu. Mungu anisamehe, nilijisifu hivyo hata kwa mama yangu kwenye simu.

Mwaka ulipogeuka alikuja afisa afya kukagua jiko. Mama wa makamo, mpole, miwani imefungwa kamba. Alipima majokofu, akatazama vyoo, akaomba madaftari ya mapokezi. Alikaa kwenye benchi la saruji akipekua huku nimesimama pembeni nimevimba kichwa, maana najua madaftari yangu ni safi.

"Huyu mmoja wa maziwa," alisema, bila kuinua uso. "Wengine wote umeandika joto la kufika, halafu la sampuli, ishirini. Vizuri. Huyu mbona ni la kufika tu, nane, tisa, nane, halafu thelathini na tatu?"

Nikasema huyo nilikuwa nampima harakaharaka.

"Sawa. Na hii ishirini na sita, ulishaisahihisha au ni ya kijiti kilivyosoma?"

Afisa aliinua kichwa akaangalia karatasi yangu juu ya mzani, ile niliyoibandika mwenyewe. Akahesabu kwa sauti ya chini, kama mwalimu anayemsaidia mtoto. Kumi na tatu mara nukta mbili ni mbili nukta sita. Ishirini na nane nukta sita. Siku ya pili, ishirini na nane nukta tatu. Siku ya tatu, ishirini na nane nukta sita.

"Hayakuwa na maji haya," alisema, akafungua ukurasa unaofuata.

Hakuna aliyenisingizia. Joto niliandika mimi, kwa mkono wangu, siku zote tatu, nikaweka ushahidi wa kumtetea hatua moja tu kutoka kwenye neno nililomhukumia. Nilienda stoo nikakaa juu ya gunia la mchele wa Usangu. Sikulia.

Meneja nilimwambia siku hiyohiyo. Alisikitika dakika moja, akasema tuna muuzaji mwingine sasa, ila kama mzee anataka kurudi aombe upya kama wengine. Aombe. Nilibandua orodha ile mlangoni, ingawa ilishabandikwa nyingine juu yake, na kwenye hiyo mpya jina lake halikuwepo hata la kupigia mstari. Kumfuta mtu nilikuwa na kalamu na rula. Kumrudisha sikuwa na chombo chochote.

Jumamosi nilipanda juu na mume wangu, daftari limo ndani ya mkoba. Nilipitia mlango wa jikoni kwa mama mkwe kama inavyotakiwa. Baba mkwe alikuwa sebuleni, upande wa pili wa ukuta wa mbao, nilimjua kwa kikohozi. Kwa mila mimi sisemi naye, nasema na mama, na yeye anasikia akitaka. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya udongo nikasema kwa sauti ya kutosha:

"Mama, naomba umwambie baba kwamba maziwa yake hayakuwa na maji. Nilipima vibaya mimi. Sikuyasubiri yapoe."

Mama mkwe alikuwa anachambua mboga. Mikono yake ilisimama. Upande wa pili baba mkwe akasema neno kwa Kinyakyusa, taratibu. Mama akanigeuzia Kiswahili, ingawa miaka hii yote nimeshajifunza kiasi cha kuelewa.

"Anasema anajua."

"Anajua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Anasema mtu aliyekamua atakosaje kujua kama ameweka maji? Anasema hata hilo la kupoza analijua, walikuwa wanapima hivyohivyo kwenye ushirika."

Hasira ilinishika, hasira ya kweli, na sijui nilikuwa namkasirikia nani. Nikasahau adabu, nikapaza sauti. "Basi mbona hakusema? Mbona alisaini? Mara tatu, mama! Angegonga tu mlango!"

Mama mkwe ndiye aliyejibu, wala hakuwa na ukali.

"Agonge, halafu? Utoke? Msimame hapo mnabishana, mkwe na mke wa mtoto, wapishi wote wako dirishani? Wangekucheka wewe mpaka leo. Alisema bora nionekane mwizi mimi nimeshazeeka, kuliko mke wa mwanangu avuliwe nguo kazini kwake." Alichukua tena mboga. "Mimi nilimgombeza. Hakunisikia."

Nilimwomba mama amwambie arudi, nitazungumza na meneja, nitambeba mgongoni ikibidi. Mama alinyoosha kidole dirishani. Banda lilikuwa wazi, limefagiwa. Ng'ombe mmoja alienda kwa mtu wa Isyonje, wa pili kwa mchinjaji. Birika la saruji lilikuwa palepale, maji ya chemchemi yanaingia na kutoka, hakuna keni hata moja ndani yake. Mama alisema wamebakiza kuku.

Sikujua la kufanya na mikono yangu. Nikatoa daftari. Nikatafuta ukurasa ule, na chini ya siku ya tatu, kwenye mstari uliobaki wazi, niliandika tarehe ya siku hiyo. Kwenye laktomita nikaandika 28.6, 28.3, 28.6. Kwenye maelezo nikaandika: "Hayakuwa na maji. Kosa ni la mpokeaji." Nikasaini. Nikaliweka wazi juu ya kigoda karibu na mlango wa sebuleni, kalamu juu yake, nikatoka nje nyuma ya jiko na kugeukia migomba, kama yeye alivyokuwa anageukia ukuta wa mkaa.

Nilisikia hatua zake. Nilisikia kigoda kikivutwa, kalamu ikiwekwa. Alikohoa. Hatua zikarudi.

Nilipoingia nilikuta amesaini. Mwandiko uleule uliolala upande mmoja, usio na haraka, sawasawa na alivyosaini zile siku tatu, wala huwezi kuzitenganisha. Na kwa kuwa ni mtu ambaye hajawahi kuacha safu yake wazi, alikuwa amejaza hata pale penye saa ya kukamuliwa. Hapakuwa na saa ya kuandika. Amechora mstari.